Kwa nini aliye mbele anasikika nyuma: kurekodi kwa maiki mbili za masikioni

Swali: Mwalimu, ninarekodi kwa maiki mbili ndogo zinazoning'inia juu ya masikio yangu, zikiwa na sponji zake, halafu nasikiliza kwa hedifoni. Walioko kulia na kushoto wanasikika kama wapo kweli. Lakini aliyekaa mbele yangu anasikika nyuma ya kisogo, na mara nyingine ndani ya kichwa changu. Tulikuwa watu wanne mezani, na yule wa mbele ndiye aliyeniharibia rekodi nzima. Ni maiki mbovu, au kuna kitu nakosea?

Jibu: Maiki zako ni nzima, na ushahidi umenipa mwenyewe uliposema kwamba wa kulia na kushoto wanasikika kama wapo. Kinachokukwamisha ni mahali zilipokaa, na kwa sehemu ndogo zile sponji. Kuna pia sababu moja ambayo haiondoki hata ukifanya kila kitu sawasawa, na nitaieleza mahali pake ili usije ukanunua vifaa vipya kwa ajili yake.

Ili kujua upande sauti inakotoka, ubongo hutumia vitu viwili vilivyo wazi. Cha kwanza ni muda. Sauti inayotoka kulia kabisa hufika kwanza sikio la kulia, kisha huzunguka kichwa hadi la kushoto. Safari hiyo ya ziada ni kama sentimita 22, na kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kuchelewa kwake ni kama milisekunde 0.65. Cha pili ni nguvu. Kichwa huikinga sauti isifike vizuri upande wa pili, hasa sauti nyembamba, kuanzia hezi 1,500 hivi kwenda juu. Sauti nzito hupinda tu na kukizunguka kichwa bila kupungua sana. Maiki zikikaa pande mbili za kichwa, hata ukizibandika mashavuni, zitanasa tofauti hizo mbili. Ndiyo maana pembeni kwako kuko sawa.

Sasa mweke mtu mbele yako, katikati kabisa. Sauti yake hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile. Mhamishie nyuma ya kisogo: wakati mmoja, nguvu ileile. Sauti ikitoka juu ya utosi, hali ni hiyohiyo. Kwa kipimo cha muda na nguvu peke yake, sehemu hizo tatu hazina tofauti yoyote. Hata pembeni kuna utata wa namna hiyo, kwa sababu aliye mbele kulia kwa digrii 45 hutoa karibu tofauti zilezile na aliye nyuma kulia kwa pembe inayolingana, ila huko mtu huwa hauoni sana kwa kuwa sauti inabaki nje ya kichwa na upande ni ule uliotarajiwa.

Kinachotenganisha mbele na nyuma ni sikio la nje lenyewe, yaani ile mikunjo na lile bonde linalozunguka tundu. Sauti inapofika, sehemu yake huingia tunduni moja kwa moja, na sehemu nyingine hugonga kwanza kuta za bonde ndipo ikaingia, ikiwa imechelewa kidogo mno. Zikikutana, kuna masafa yanayoongezeka na mengine yanayofutana. Mashimo makubwa ya kufutana huku hutokea hasa kati ya kilohezi 6 na 10, na husogea kadiri chanzo cha sauti kinavyopanda, kushuka au kwenda nyuma. Sauti ya nyuma hupoteza pia sehemu ya wembamba wake, kwa kuwa sikio lenyewe limeelekea mbele na huikinga. Ubongo wako umejifunza alama hizi tangu utotoni, na ndizo unazozitegemea unapojua kwamba mlango ulio nyuma yako umefungwa.

Hapo utaona kwa nini sentimita moja ni nyingi. Urefu wa wimbi la kilohezi 8 ni kama sentimita 4.3. Ukiisogeza maiki sentimita moja kutoka tunduni, umeisogeza robo ya wimbi, na robo ya wimbi inatosha kabisa kuliondoa shimo pale lilipopaswa kuwa na kuweka kilima. Maiki yako inaning'inia juu ya sikio, nje ya bonde. Inasikia kichwa, lakini sikio hailisikii kabisa. Unapoicheza rekodi hiyo, aliyekuwa mbele hana alama yoyote ya kusema yuko mbele. Macho nayo hayamwoni mtu huko. Ubongo ukikosa alama na ukikosa picha, humweka nyuma, mahali ambapo mtu anaweza kuwa bila kuonekana, au humrudisha ndani ya kichwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuihamishia maiki mlangoni mwa tundu la sikio. Simaanishi ndani ya tundu. Uso wa maiki uwe sambamba na mlango, ukitazama nje, na tundu lenyewe liwe limezibwa nyuma yake. Watu wengi huogopa kuziba wakidhani wataharibu uasilia wa sauti. Dorte Hammershøi na Henrik Møller, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalborg nchini Denmark, walionyesha mwaka 1996 kwamba sauti inayopimwa kwenye mlango wa tundu lililozibwa tayari imebeba habari zote za mwelekeo. Kuanzia mlangoni hadi kwenye ngoma ya sikio, tundu hufanya kazi ileile kwa sauti ya kila upande: huongeza nguvu karibu na kilohezi 3. Na kazi hiyo itafanywa na tundu la msikilizaji mwenyewe wakati wa kusikiliza, kwa hiyo wewe huna haja ya kuirekodi.

Kwa vitendo, unahitaji maiki yenye kipenyo cha milimita 4 hadi 6 na kizibo laini cha kuishikilia. Chukua vizibo vya sponji vya kuzuia kelele, kata kimoja katikati kwa upana, toboa kitundu chembamba pembeni mwa nusu iliyobaki kwa ajili ya waya, kisha laza maiki juu yake ikitazama nje. Vizibo vya silikoni vya iafoni navyo vinafaa kama maiki inakaa kwa kubana bila gundi. Usisukume kitu ndani zaidi ya pale kidole kinapofika, na sikio lenye kidonda au maumivu lisivalishwe chochote. Waya upitie chini ya sikio, uzungushwe nyuma yake, kisha ubandikwe shingoni kwa plasta ya hospitali, ukiacha ulegevu kidogo kati ya sikio na plasta. Waya ukining'inia huru, kila ukigeuka utasikia msuguano mzito ambao hakuna namna ya kuufuta baadaye.

Ukishavaa, mwombe mtu akupige picha kila upande, au jipige mwenyewe. Angalia kama maiki mbili zimekaa kwa kina kimoja. Ni kazi ya dakika moja, lakini mimi siirekodi rekodi yoyote ya maana bila hiyo, kwa sababu maiki moja ikichomoza milimita tano kuliko mwenzake, kulia na kushoto kutakuwa na alama zinazopingana.

Sponji ziondoe. Ukiwa ndani ya chumba hazina kazi, na donge la sponji likijaa bondeni linaziba ile nafasi ambamo sauti ilipaswa kugonga na kurudi. Nje kwenye upepo hali inabadilika, kwa kuwa maiki tupu hunguruma hata kwa upepo mdogo. Badala ya donge, funika sikio lote kwa kitambaa cha manyoya bandia kilichoshikiliwa na mkanda wa kichwani, kisiguse maiki. Bado kitameza sehemu ya sauti nyembamba, kwa hiyo mbele na nyuma patapungua ukali. Upepo ukiwa wa kutikisa majani, ahirisha.

Kabla ya kurudi mezani, fanya jaribio la makofi na funguo. Kaa katikati ya chumba au uwanjani, mbali na kuta, tazama mbele, usigeuke. Gusa kwa kidole maiki ya kushoto na useme "kushoto", kisha ya kulia na useme "kulia". Msaidizi asimame kulia kwako, usawa wa sikio, umbali wa mita moja na nusu hivi, apige kofi moja kali. Kisha aje mbele apige, aende nyuma apige. Mwishowe azunguke polepole akitikisa funguo, akitaja mahali alipo kila hatua. Funguo nimezichagua kwa sababu zina sauti nyembamba kwa wingi, na alama za sikio la nje ziko huko huko. Sauti ya mtu pekee ina wembamba mchache wa namna hiyo, na ngoma kubwa haina kabisa.

Fungua faili katika programu ya kuhariri kama Audacity na uikuze sehemu ya kofi la kulia mpaka uone sampuli mojamoja, yaani zile nukta za vipimo zinazounda wimbi. Kama ulirekodi kwa kilohezi 48, milisekunde moja ina sampuli 48, kwa hiyo milisekunde 0.65 ni kama sampuli 31. Hesabu tangu wimbi linapoanza kwenye mstari wa kulia hadi linapoanza kwenye wa kushoto. Ukipata 28 hadi 34, muda uko sawa. Mwanzo wa upande wa kushoto utakuwa butu kidogo kwa kuwa kichwa kimeukinga, kwa hiyo usijisumbue kwa sampuli mbili tatu. Ukipata sifuri, rekoda imechanganya pande zote kuwa moja. Hiyo ni hitilafu ya kawaida ya simu, maana tundu la pini la simu nyingi hupokea maiki moja tu, hata ukichomeka mbili. Ukipata mamia, huenda umeunganisha faili za rekoda mbili tofauti, na hizo hazifai: saa zake zikitofautiana hata sehemu 20 kwa milioni, zinaachana milisekunde 1.2 kila dakika, yaani zaidi ya tofauti yote ambayo kichwa kinaweza kuleta. Tumia rekoda moja yenye chaneli mbili.

Kofi la mbele lianze pamoja pande zote mbili. Tofauti ya sampuli tatu ni sawa na kuwa umegeuza kichwa digrii 7 hivi, na hiyo inavumilika. Kisha tazama funguo zikiwa kulia kabisa: mawimbi ya kushoto yawe madogo mara tano hadi kumi. Yakikaribiana, maiki ya kushoto imechomoka au kiwango chake kimepandishwa. Kusawazisha viwango ni rahisi. Shika maiki zote mbili pamoja kwa vidole, zielekeze kwenye sauti isiyobadilika kama maji yanayotiririka, rekodi sekunde kumi, kisha rekebisha chaneli moja mpaka tofauti iwe chini ya desibeli 1. Rekodi hiyohiyo ichanganye kuwa mono, yaani chaneli moja, usikilize: sauti ikikonda ghafla na kupoteza uzito, waya za maiki moja zimepishana na inafaa fundi azilehemu tena kwa mpangilio sahihi.

Baada ya hapo ndipo uvae hedifoni, ufumbe macho, na uufuate mzunguko wa funguo. Msikilize msaidizi anapotaja mahali alipo na ujiulize kama unakubaliana naye. Rudia jaribio hilo mara moja kwa maiki ulivyozizoea, juu ya sikio, na mara moja zikiwa mlangoni. Tofauti utaisikia hasa pale funguo zinapopita kutoka bega la kulia kwenda kisogoni. Kwa maiki za juu ya sikio, zinaonekana kama zinaingia kichwani na kutokea upande wa pili. Kwa maiki za mlangoni, zinafifia wembamba zikipita nyuma ya sikio na zinabaki nje.

Nimesema kuna sababu isiyoondoka, nayo ni shingo. Katika maisha, ukiwa na mashaka kama sauti iko mbele au nyuma, unageuka kidogo bila hata kujua. Ukigeukia kulia na chanzo kiko mbele, sikio la kushoto ndilo linaloanza kusikia. Kikiwa nyuma, linaanza la kulia. Mwanasaikolojia Hans Wallach alilionyesha jambo hili kwa majaribio mwaka 1940, na lina nguvu kuliko alama za sikio la nje. Lakini mwenye hedifoni akigeuka, rekodi nzima inageuka naye. Mtu wa mbele hasogei hata kidogo kulingana na masikio, na ubongo unaona kwamba kitu kinachogeuka pamoja na kichwa lazima kiwe kichwani. Maiki mbili peke yake haziwezi kulitatua hilo. Kinachowezekana ni kupanga tukio ili msikilizaji asihitaji kuuliza swali la mbele au nyuma mara kwa mara.

Turudi basi kwenye meza yako. Mlikuwa wanne: wewe, mmoja kulia, mmoja kushoto, na mmoja mbele kabisa. Geuza kiti chako digrii 30 kuelekea kushoto, ili wa mbele awe sasa mbele kulia, wa kushoto asogee mbele kushoto, na wa kulia abaki pembeni kwa nyuma kidogo. Hakuna tena anayeketi kwenye ule mstari wa katikati, ambako sauti huingia kichwani kwa urahisi zaidi. Kila mmoja sasa ana tofauti yake ya muda na nguvu ya kumtoa nje, na alama za sikio zinabaki na kazi ndogo ya kuamua mbele au nyuma. Ukigeuka, geuka mwili mzima na kiti, kisha ukae hivyo. Kichwa kikiwa kinamfuata kila anayesema, kwa msikilizaji ni meza ndiyo inayozunguka.

Yule wa mbele asianze kuzungumza akiwa tayari ameketi. Aingie akitokea kushoto, akisema na wenzake, avute kiti, akae. Msikilizaji akimfuata tangu pembeni, ambako hana shaka naye, atamweka mbele na kumshikilia hapo muda mrefu kuliko angemsikia ghafla kutoka kusikojulikana. Glasi inayowekwa mezani mbele yako nayo husaidia, kwa sababu mlio wake ni mwembamba na mfupi.

Chumba pia kina sehemu yake. Wengi hutafuta chumba kilichojaa mapazia wakidhani usafi wa sauti ndio uhai wake. Kwa maiki za masikioni, mwangwi mfupi unaotoka ukutani, darini na juu ya meza hufika kila sikio kwa namna tofauti, na ndio unaomwambia ubongo kwamba sauti iko nje na iko umbali fulani. Chumba cha kawaida chenye samani kinatosha, watu wakiwa mita moja hivi kutoka kwako. Ukumbi mtupu unaovuma umezidi, kwa kuwa maneno yatazama.

Wewe mwenyewe nyamaza. Kinywa chako kiko karibu sana na maiki na kiko sawa kwa masikio yote mawili, kwa hiyo ukisema neno moja litazizidi sauti zote na litasikika katikati ya kichwa cha msikilizaji. Pumua polepole kwa mdomo uliofunguka kidogo, maana pumzi ya puani husikika zaidi. Usivae nguo inayochakacha shingoni.

Kwenye rekoda, washa umeme wa maiki kama kifaa kinauhitaji, mara nyingi huandikwa `Plug-in Power`, na uzime kila kinachorekebisha kiwango chenyewe, kama `Auto Gain` na `Limiter`. Vikifanya kazi kwa kila chaneli peke yake, aliye kulia akicheka, chaneli ya kulia inashushwa na tofauti ya nguvu ambayo ndiyo mwelekeo wenyewe inavurugwa. Rekodi WAV ya biti 24, vilele vya sauti vikifika kama -12 kwenye mita. Ukiona vicheko vinapasuka ilhali mita haijafika juu, maiki yenyewe ndiyo imezidiwa, na kushusha kiwango kwenye rekoda hakutasaidia.

Kuhusu ule mchakacho wa chinichini ambao huenda utaanza kuusikia: maiki ndogo hulipia udogo wake. Zipo maiki za milimita 10 zenye kelele ya ndani ya desibeli 14 tu, lakini hazikai mlangoni mwa tundu. Zile za milimita 4 au 5 mara nyingi ziko kati ya 23 na 30. Kwa mazungumzo ya mezani hutausikia. Kwa usiku wa kijijini au msitu uliotulia utausikia wazi, na hapo ni lazima uchague kati ya utulivu na uhakika wa mwelekeo. Mimi ningechukua maiki kubwa kidogo nikaiweka bondeni, karibu na tundu kadiri inavyoruhusu.

Limebaki suala la hedifoni, ambalo wengi hulipita. Hedifoni nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya muziki wa kawaida, na watengenezaji huongeza nguvu kuanzia kilohezi 2 hadi 5, ili kuiga kile ambacho sikio la nje lingefanya kwa sauti ya spika. Rekodi yako tayari imepita sikioni. Kwa hiyo ongezeko la bonde linahesabiwa mara mbili, na sauti za watu zinakuwa kali, zenye herufi za "s" na "sh" zinazochoma. Zaidi ya hapo, kilele kikubwa karibu na kilohezi 8 humfanya mtu wa mbele apande juu. Jens Blauert, mtafiti wa usikivu, alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba sauti iliyobanwa karibu na masafa hayo husikika kutoka juu, popote ilikotoka.

Kwa masikio yako mwenyewe, dawa yake ni nzuri sana na haihitaji kifaa kingine. Ukiwa bado umevaa maiki mlangoni, vaa juu yake hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote. Tengeneza katika Audacity kelele ya `Pink` kupitia `Generate` kisha `Noise`, icheze kwa sauti ya wastani, na uirekodi kwa maiki hizohizo. Vua hedifoni, vaa tena, rudia mara kadhaa, kwa sababu kila ukivaa zinakaa tofauti kidogo. Kisha fungua `Plot Spectrum` ulinganishe ulichorekodi na kelele ya awali. Palipoinuka kuliko awali ndipo hedifoni zinapozidisha. Pashushe kwenye `Filter Curve EQ`, kwa mikunjo mipana. Mashimo membamba ya juu ya kilohezi 8 yaache, kwa kuwa yanahama kila unapovaa, na ukiyajaza utazalisha mlio mkali. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata kasoro za maiki zinajifuta: zilikuwapo wakati wa kurekodi meza, na zilikuwapo wakati wa kupima hedifoni.

Ikwalaiza hiyo ni yako na hedifoni zako, usiwapelekee wengine. Kwa faili la kusambaza, mimi hupunguza desibeli 3 au 4 tu, kwa upana, kati ya kilohezi 3 na 5, na kuishia hapo. Sanamu za kichwa za studio zenye maiki masikioni, kama Neumann KU 100, huwa zimesawazishwa tangu kiwandani kwa sababu hiyohiyo, ili sauti isiwe na ukali kwenye hedifoni wala kwenye spika.

Usishangae rafiki akikuambia kwamba yule wa mbele kwake bado yuko nyuma, wakati wewe unamsikia mbele vizuri. Rekodi imebeba mikunjo ya masikio yako, na yake ina umbo jingine, kwa hiyo mashimo anayoyatarajia yako kwenye masafa mengine. Mpe jaribio la funguo kabla ya rekodi ya meza. Akizisikia zikizunguka kulia na kushoto bila shida lakini mbele haipo kabisa, ni tofauti ya masikio yenu, na hakuna cha kurekebisha upande wako.

Akisema kwamba kila kitu kiko katikati, hata kulia na kushoto, hapo tatizo ni faili au simu yake. Ujumbe wa sauti wa programu nyingi za kuchati hugeuzwa kuwa mono, kwa hiyo tuma kama faili, WAV au FLAC. Ukilazimika kutumia MP3, tumia kiwango cha juu cha kilobiti 256 au zaidi, kwa sababu katika viwango vya chini baadhi ya programu huunganisha pande mbili kwenye masafa ya juu ili kubana nafasi. Na mwambie aangalie kwenye mipangilio ya simu yake kama `Mono audio` haijawashwa.